Ankara Iliyopita kwa Kaka Batho

Barua ile Loisi aliiandika mara nne. Ya kwanza ilijaa hasira, akaifuta. Ya pili ilijaa msiba, nayo akaifuta, maana kampuni haina kabati la kuwekea misiba ya watu. Ya tatu ilikuwa ya kuomba, na alipoisoma kwa sauti mle chumbani mwake Area D, mjini Dodoma, aliona aibu kama mtu aliyejisikia akibembeleza. Ya nne akaiandika kama walivyofundishwa shuleni, barua rasmi, anwani mbili na kichwa cha habari kwa herufi kubwa:

*YAH: MADAI YA MALIPO YA ANKARA NA. 0147 YA TAREHE 20 JUNI, SH. 1,800,000/=*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mbunifu wa michoro niliyebuni lebo ya mbele, lebo ya nyuma na boksi la mvinyo wenu uitwao Mzabibu Mkongwe. Kazi yote niliikabidhi tarehe 20 Juni, nanyi mkaikubali kwa maandishi siku iliyofuata. Kwa makubaliano, malipo yalipaswa kufanyika ndani ya siku thelathini. Leo ni siku ya mia moja na ishirini tangu muda huo kupita, na bidhaa zenye kazi yangu zinauzwa madukani.*

*Kwa barua hii nadai nilipwe kiasi chote ndani ya siku kumi na nne. Mkishindwa kufanya hivyo sitakuwa na njia nyingine isipokuwa kufungua shauri la madai mahakamani.*

*Nimeambatisha ankara na hati ya makabidhiano.*

Aliisoma tena, akaondoa neno "tafadhali" katika sentensi ya mwisho alikokuwa amelichomeka, akaenda kuchapa nakala mbili. Moja ya kuwaachia, nyingine ya kugongewa muhuri.

Fedha hiyo ilikuwa ya kaburi.

Mama yao alifariki mwanzoni mwa Juni na wakamzika nyumbani Bahi, kwenye shamba la nyuma ya nyumba. Bahi ni bondeni. Mwaka ukiwa mkavu, udongo wake mweusi hupasuka nyufa za kuingia mguu. Mwaka wa mvua, nchi yote hugeuka dimbwi, mpunga unastawi, watu wanavua kambale mahali walipokuwa wakichunga ng'ombe. Baba yao alizikwa shamba hilohilo, Loisi akiwa darasa la tatu. Walimwekea tuta la udongo na msalaba wa mti. Masika ya tatu maji yaliingia yakakaa wiki nzima, na yalipotoka hapakuwa na tuta wala msalaba. Tangu hapo, kila Pasaka watu wakienda kusafisha makaburi yao, mama alikuwa anasimama shambani na fagio lake, anatazama huku, anatazama kule, kisha anafagia eneo lote, kubwa kama uwanja wa kupigia mpunga.

"Yumo humu humu," alikuwa akisema. "Nikifagia pote nitakuwa nimemfagilia na yeye."

Mwaka wake wa mwisho alimwita Loisi na kaka yake, Eliakimu, akawaambia neno moja tu la wosia. Hakutaja ng'ombe wala shamba. "Mimi msinipoteze kama mzee."

Kwa hiyo siku ya tatu baada ya mazishi, familia ilipokaa kikao, jambo lilikuwa moja: kaburi lijengwe kabla ya mvua. Msingi wa mawe, nondo, zege, jina. Eliakimu, anayeishi palepale, akasema ataleta mawe na mchanga. Dada yao Ruthu, aliyeolewa Manyoni, akasema msalaba wa chuma na chakula cha mafundi ni juu yake. Wakamtazama Loisi, mtu wa mjini, mtu wa kompyuta.

"Saruji, nondo na fundi ni mimi," Loisi alisema. "Kuna kazi naikabidhi mwezi huu."

Kazi yenyewe aliimalizia palepale msibani, amekaa mkekani na kompyuta mapajani, akina mama wakimpita na masufuria na kunong'ona kwamba huyu mtoto hana hata huruma na macho yake. Lebo ya nyuma ilibaki maandishi tu. Ya mbele alikuwa ameimaliza kabla, na alikuwa ameijenga juu ya picha ya mkono wa mama. Aliupiga picha mwaka uliotangulia, mama ameshika suke la mpunga analikagua, vidole vimekunjamana, kucha moja imekatika. Loisi aliuchora mkono ule upya mstari kwa mstari, akaondoa suke, akaweka kichala cha zabibu. Alimwonyesha mama kwenye simu. Mama, mwana wa kanisa aliyekuwa hanywi kitu kikali kuliko chai, alicheka mpaka akakohoa.

"Mkono wangu kwenye chupa ya pombe! Mchungaji akiujua je?"

"Hataujua, mama."

"Ataujua. Nimempakulia ugali na mkono huu miaka ishirini."

Sasa ilikuwa Novemba. Eliakimu alikuwa ameshaleta trekta mbili za mawe na moja ya mchanga, vikamwagwa kando ya barabara kwa kuwa trekta halikuweza kuingia shambani. Ruthu alikuwa ameshatuma msalaba kwa basi. Kilichokosekana ni cha Loisi, na kila alipompigia kaka yake alisikia kaka mtu akijitahidi asimuulize.

Jumatatu hiyo alipanda bajaji mpaka Kizota viwandani. Getini mlinzi alimpa daftari la wageni, akasoma alichoandika kwenye safu ya "shida".

"Madai?" mlinzi akasema. "Dada, andika 'kikazi'. Ukiandika madai humu, wengine watakuiga."

Loisi akaandika kikazi.

Mapokezini dada wa zamu aliichukua barua, akaifungua, akaisoma mstari wa kwanza, akaacha kutafuna. Akagonga muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye nakala zote mbili, akatia tarehe, akasema, "Subiri hapo kidogo."

Loisi alikaa. Ukutani palikuwa na rafu ya kioo, na kwenye rafu chupa saba za Mzabibu Mkongwe zimepangwa, mikono saba ya mama imeshika vichala saba. Wachapaji wa Dar es Salaam walikuwa wameipatia rangi vizuri. Hata ile kucha iliyokatika ilionekana. Aligeuza macho akatazama feni.

Aliyetoka hakuwa afisa masoko aliyempa kazi, bali mama wa makamo mwenye ushungi wa rangi ya maji ya kunde na miwani iliyoning'inia kifuani. Barua alikuwa nayo mkononi.

"Shikamoo," Loisi alisema akiinuka.

"Marahaba, mwanangu. Mimi Mwanasha, mhasibu. Ndiye wewe Loisi?"

"Ndiye mimi."

"Njoo ndani. Mambo haya hayasemwi mbele ya wateja."

Ofisi ilikuwa na mafaili mpaka dirishani. Mama Mwanasha aliketi, akavaa miwani, akaisoma barua yote tangu anwani mpaka sahihi, bila haraka.

"Umeandika vizuri sana," alisema. "Barua kama hizi huwa zinakuja na matusi. Lakini mwanangu, wewe kwenye vitabu vyangu hupo."

"Lebo nimebuni mimi, mama. Afisa masoko ananijua. Barua pepe zote—"

"Sikatai. Nasema vitabuni hupo. Hii ankara uliyoambatisha, ya nani?"

Loisi aliijua hata bila kuitazama. Ilikuwa ya Batholomeo, mwenye duka la uchapaji mjini. Kiwanda kilimwambia tangu mwanzo kwamba hakilipi mtu binafsi. Kinalipa biashara yenye leseni na inayotoa risiti ya mashine. Loisi hakuwa na leseni, wala mashine. Wabunifu wengi wa mjini wanaofanya kazi chumbani hawana, na wote hufanya jambo moja: hutafuta mwenye biashara, ankara inapita kwa jina lake, fedha ikiingia anakata asilimia kumi, nyingine anampa mwenye kazi. Hakuna anayeandikiana. Ni neno tu: *nipitishie*. Na Batholomeo hakuwa mtu wa kuandikiana naye. Alimpokea dukani kwake Loisi alipokuwa ametoka tu kumaliza kidato cha nne, akamfundisha kushika kipanya. Loisi alimwita kaka Batho. Kwenye mazishi alikuja Bahi na gari la watu sita na akashika jembe.

"Ni ya kaka yangu mmoja," Loisi alisema. "Nilipitishia kwake. Ila kazi ni yangu na fedha ni yangu."

Mama Mwanasha alivua miwani. "Na yeye amekuambia nini?"

"Kwamba mnatuzungusha."

Yule mama aliitazama ankara tena. Kisha akainuka, akachomoa faili, akalifungua mbele ya Loisi na kulizungusha limwelekee. Ilikuwa hati ya malipo. Tarehe kumi na nne Agosti. Milioni moja na laki nane, imetolewa kodi ya zuio asilimia tano, elfu tisini. Iliyobaki, milioni moja na laki saba na elfu kumi, imeingizwa benki kwenye akaunti ya Batholomeo. Nyuma yake imebanwa risiti ya mashine, karatasi ile nyembamba ambayo wino wake hufifia, bado inasomeka. Tarehe kumi na tisa Agosti.

"Hii risiti aliileta mwenyewe," Mama Mwanasha alisema polepole. "Alikaa kiti hicho hicho. Nikampa na cheti chake cha zuio."

Loisi alisoma tarehe. Akaisoma tena. Alitoa simu akapandisha ujumbe juu mpaka Septemba, akauona: *Bado mdogo wangu, hawa watu wa kiwandani wanatupiga danadana. Vuta subira.* Tarehe mbili. Chini yake mwingine wa Oktoba. Chini yake ule wa wiki iliyopita, alipomwambia kwamba anaandika barua ya madai: *Usiandike. Utatuharibia kwa mteja.*

"Labda kuna makosa benki," alisema, na sauti yake ilimfikia kama ya mtu wa chumba cha pili.

"Labda," Mama Mwanasha alisema. Aliirudisha ile barua mezani, akaipapasa kwa kiganja kama anayenyoosha nguo. "Sisi hatuwezi kulipa mara mbili, mwanangu. Hata ningetaka, mkaguzi atanila nyama. Hii barua nitaiweka faili. Nitaandika chini kwamba umeelezwa. Unataka maji?"

"Hapana, asante."

"Kunywa maji."

Akanywa.

Duka la Batholomeo liko Uhindini, mlango wa kuvuta juu, ndani harufu ya wino na plastiki. Loisi alimkuta peke yake, kavaa shati la mikono mifupi, anakata kadi za harusi kwa mkono. Mashine kubwa ya mabango, ile aliyoikopea fedha benki na kuwaalika mpaka wanakwaya waje kuiombea, ilikuwa imefunikwa shuka.

"Mbukwa, mdogo wangu," Batholomeo alimsalimu kwa Kigogo bila kuinua macho.

"Mbukwa, kaka. Nimetoka Kizota."

Kisu kilisimama. Alikiweka chini kwa uangalifu, akafuta mikono kwenye suruali, akavuta kiti cha plastiki akampa. Yeye mwenyewe hakukaa.

"Ulipeleka barua."

"Nilipeleka. Wamenionyesha risiti yako."

Loisi alikuwa amepanga maneno njia nzima ndani ya bajaji, maneno makali, mengine ya Kigogo ambayo mama yake angeyasikia angemzaba kofi. Sasa yalionekana hayafai. Alimtazama yule mtu mnene mwenye mvi mbili tatu kidevuni akitafuta mahali pa kuweka mikono yake.

"Ile fedha sikuila, Loisi."

"Iko wapi?"

"Nilikuwa na marejesho ya miezi mitatu nyuma ya hiyo." Alionyesha mashine kwa kidevu. "Benki wakishakuwekea alama, chochote kikiingia wanakikata wenyewe. Mimi nilikuwa hapa hapa nakata kadi. Simu ikalia: umepokea milioni moja na laki saba. Nikasema, Mungu mkubwa, Loisi ajenge. Sijamaliza kusema, simu ikalia tena: imetolewa. Yote. Wakaniachia shilingi mia nne."

"Na risiti ukapeleka."

"Risiti ni sheria. Fedha imeingia kwangu."

"Na mimi ukaniambia danadana."

Hapo Batholomeo alikaa. Kiti kililia. "Kuna mzabuni mmoja wa makongamano, nilimchapia mabango mia na arobaini. Akinilipa hata nusu, nakulipa wewe yote. Kila wiki ananiambia wiki ijayo. Nikasema nitaziba kabla hujajua. Nilipoona aibu siku ya kwanza, siku ya pili ikawa aibu mbili." Alicheka kidogo bila furaha. "Naye nimemwandikia barua. Tatu. Wewe si ndiye niliyekufundisha kuandika 'tafadhali husika'? Nami najua kuandika."

Alivuta droo akazitoa. Nakala tatu, zote zina muhuri wa kupokelewa. Loisi alizisoma kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Zilikuwa barua nzuri. Ya tatu ilitaja mahakama.

"Ulienda mahakamani?"

"Ofisi yake imehama. Aliyepo pale sasa anauza vioo."

Nje mtu alipita anauza karanga, akachungulia, akaona nyuso, akaendelea.

"Kaka Batho," Loisi alisema, "mama aliniomba kitu kimoja."

"Najua. Nilikuwepo mkisema kikaoni. Nilikaa nyuma ya mlango na wanaume."

"Mvua ni wiki mbili hizi."

"Najua."

"Nauliza ulichonacho. Siulizi yote. Laki saba na nusu inatosha."

Batholomeo aliinuka, akafungua droo ya pesa, akaiacha wazi ili aone. Noti ya elfu mbili, sarafu, na kitabu cha stakabadhi. Kisha akasema jambo ambalo Loisi alikuja kulikumbuka kwa muda mrefu, si kwa ubaya wake, bali kwa jinsi lilivyosemwa kwa moyo wote.

"Mashine inafanya kazi, kichwa chake kimoja tu ndicho kimekufa. Naweza kukuchapia picha ya mama. Turubai nzito, mita mbili. Haipitishi maji."

Loisi alimtazama. Kicheko kilimtoka bila kutaka, kisha kikawa si kicheko, akajifunika uso kwa mkoba wake.

Batholomeo alisubiri. Alipoona ametulia, akawasha kompyuta ya mezani. "Niandikie barua," alisema.

"Barua gani?"

"Ya madai. Niandikie mimi. Siku ukienda mahakama ya mwanzo wasije wakakuuliza ushahidi uko wapi ukaonyesha ujumbe wa simu. Mimi na wewe hatukuandikiana. Tuandikiane sasa."

"Sitaki kukupeleka mahakamani."

"Ndiyo, lakini mimi kesho naweza kufa. Mke wangu hajui kama unanidai."

Wakaiandika pamoja. Loisi alikuwa na ile ya asubuhi kwenye simu; walibadilisha jina la mdaiwa. Batholomeo ndiye aliyechapa, kwa vidole viwili, akisoma kwa sauti. Kwenye hesabu wakabishana, maana Loisi alitaka kutoa asilimia kumi yake.

"Asilimia ya nini?" Batholomeo alifoka. "Andika yote."

"Makubaliano ni makubaliano."

"Haya toa. Ila hata hiyo elfu tisini ya zuio uitoe. Hiyo imekwenda serikalini, sikuigusa."

Wakatoa. Ikabaki milioni moja, laki tano na elfu thelathini. Loisi akasema iishie hapo.

"Weka siku kumi na nne," Batholomeo alisema.

"Utazipata wapi baada ya siku kumi na nne?"

"Barua ya madai bila siku si madai, ni salamu. Weka."

Akachapa nakala mbili. Akavuta muhuri wa duka lake mwenyewe, akaupulizia pumzi, akagonga, akatia sahihi na tarehe kumi na saba Novemba. Akampa nakala yake kwa mikono miwili.

Jioni Loisi alimpigia Eliakimu. Alimwambia yote, hakuficha lolote. Upande wa pili mbuzi walikuwa wanalia.

"Kwa hiyo tuna karatasi," Eliakimu alisema.

"Tuna karatasi."

"Ina muhuri?"

"Ina muhuri."

"Sasa tuuze mbuzi?" Wote wawili walijua mbuzi waliobaki ni watano, na ada ya mtoto wake wa kwanza ilikuwa imeshawameza wanne.

"Usiuze."

Loisi alikopa alikoweza. Mwenye nyumba wake alimpa elfu hamsini na nasaha. Wabunifu wenzake wakachanga elfu thelathini na tano. Kwa fundi wa Bahi hiyo ilikuwa saruji mifuko mitano bila ya nondo, na fundi akasema wazi kwamba akijenga bila nondo kwenye udongo ule, kaburi litapasuka mwezi huohuo na yeye ndiye atakayesemwa. Jumamosi Loisi akaenda mwenyewe. Tuta la mama lilikuwa limeshapasuka katikati, ufa wa kuingia kiganja. Yeye na Eliakimu walichimba udongo pembeni, wakalipandisha mpaka magotini, wakalipiga kwa mgongo wa jembe. Msalaba wa chuma wa Ruthu waliuchimbia kichwani, lakini bila zege ulitikisika kama jino.

Kabla ya kuondoka, Loisi alitoa daftari lake la michoro. Akasimama pembe ya nyumba, upande wa jiko, akahesabu hatua kuelekea mbuyu wa jirani mpaka kichwani pa kaburi: thelathini na moja. Kisha toka pembe ya zizi: ishirini na sita. Akachora nyumba, zizi, shamba, akaweka kaburi mahali pake na namba zake, mistari imenyooka, kichwa na miguu vimeandikwa. Kazi safi. Eliakimu aliitazama begani kwake.

"Hapo sasa," alisema. "Hapo hapotei."

Tarehe mosi Desemba, siku ya kumi na nne, Batholomeo alituma elfu sitini kwa simu. Ujumbe wake ulisema: *Ya kadi za harusi. Nyingine inakuja.* Loisi aliitunza. Siku ya tatu yake mvua ilianza, na haikuanza kwa manyunyu. Ilipiga Dodoma mjini usiku na mchana, na watu wa ofisini wakafurahi kwamba joto limepungua. Bahi maji yalitoka bondeni yakapanda mpaka kizingiti cha jiko, yakakaa siku tano.

Yalipotoka Eliakimu alipiga simu. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka, Loisi anafua.

"Msalaba nimeukuta umelala kwenye katani za jirani," alisema. "Tuta hakuna. Niko hapa shambani, kote ni tope sawasawa. Unayo ile picha yako?"

Loisi alikimbia ndani na mikono ya povu, akafungua daftari. "Nenda pembe ya nyumba. Upande wa jiko."

"Nipo."

"Thelathini na moja, uelekee mbuyu wa akina Matonya."

Alimsikia akitembea. Miguu ikizama na kung'oka, akihesabu chini chini kama mtoto, kumi na nane, kumi na tisa. Alisikia pumzi zake. Thelathini. Thelathini na moja.

"Nimefika," Eliakimu alisema. Miguu ikang'oka tena. "Hapana. Hapa nimeshavuka. Hapa ni karibu na mfereji."

"Hebu jaribu kutoka zizini. Ishirini na sita."

Akarudi, akaanza upya. Loisi alisimama na daftari, maji yakimchuruzika viwikoni mpaka kwenye karatasi. Alipofika ishirini na sita kaka yake alisimama mahali pengine kabisa. Alimwambia hivyo, kwamba sasa yuko mbali na pale pa kwanza, kama urefu wa nyumba.

"Loisi," alisema, "hizi hatua ni za nani? Zako au zangu?"

Loisi alitazama mchoro. Eliakimu ni mrefu, alimrithi baba. Siku ile alihesabu yeye, kwa miguu yake, na viatu vya kushonwa vya mjini, na mara mbili alisimama kujipangusa macho na kuendelea.

"Zangu," alisema.

"Basi subiri. Nitajaribu kufupisha."

Akarudi pembe ya jiko. Loisi akamsikia akianza tena, moja, mbili, polepole, akijitahidi kutembea kama dada yake.